Kusoma Jibu la Rigresheni: Mteremko, Mkato na R Mraba katika Karatasi ya Mtihani

Swali la rigresheni katika mtihani wa takwimu kwa kawaida halimtaki mtahiniwa afanye hesabu ndefu. Hesabu zimekwisha kufanywa na kompyuta. Mtahiniwa huwekewa mbele yake jedwali dogo la majibu, akaambiwa aeleze maana ya tarakimu tatu: mteremko wa mstari, mkato wake, na kile kipimo kiitwacho R mraba. Kwa mtazamo wa kwanza ni swali la kugawa maksi za bure. Kumbe ndipo hapo mtu aliyekariri kanuni zote hujikuta akiandika kwamba gari lililosimama kimya lilirudi nyuma futi kumi na saba, wala asione ajabu.

Mfano wa gari hautolewi hapa kwa mzaha. Miongoni mwa takwimu zinazotumiwa sana duniani kufundishia somo hili ni zile zilizokusanywa katika miaka ya 1920 kuhusu magari na breki zake, ambazo mwanauchumi wa Kimarekani, Mordecai Ezekiel, alizichapisha mwaka 1930 katika kitabu chake juu ya uchambuzi wa uhusiano. Siku hizi zimo ndani ya programu ya kompyuta iitwayo R, kwa jina la `cars`. Vipimo ni 50. Kila kimoja kina namba mbili: kasi ya gari kwa maili kwa saa wakati dereva alipotakiwa kusimama, na umbali kwa futi ambao gari lilikwenda hadi likasimama. Kasi ndogo kuliko zote ilikuwa maili 4 kwa saa, na kubwa kuliko zote ilikuwa 25. Umbali mfupi kabisa ulikuwa futi 2, na mrefu kabisa futi 120.

Tuseme basi kwamba karatasi ya mtihani imeeleza hayo, kisha ikaonyesha jibu la kompyuta kama ifuatavyo:

```
lm(formula = dist ~ speed, data = cars)

             Estimate Std. Error t value Pr(>|t|)
(Intercept)  -17.5791     6.7584  -2.601   0.0123
speed          3.9324     0.4155   9.464 1.49e-12

Residual standard error: 15.38 on 48 degrees of freedom
Multiple R-squared:  0.6511
```

Maswali yanafuata. Eleza maana ya mteremko. Eleza maana ya mkato. Eleza maana ya R mraba. Kadiria umbali wa kusimama wa gari linalokwenda maili 60 kwa saa.

Kazi ya kwanza ni kuligeuza jedwali kuwa mlinganyo. Safu ya kwanza ya namba ndiyo inayohitajika. Mstari wa chini, wenye jina la kasi, unatoa mteremko. Ule wa juu unatoa mkato, yaani mahali mstari unapoukata mhimili wima. Mlinganyo ni huu:

umbali = −17.58 + 3.93 × kasi

Ni muhimu mtahiniwa aandike majina ya vitu vyenyewe, wala si y na x tupu, kwa kuwa maelezo yote yatakayofuata yanategemea kujua ni kitu gani kinachokadiriwa na ni kitu gani kinachotumika kukadiria. Hapa umbali ndio unaokadiriwa, na kasi ndiyo inayotumika. Mpangilio huo haugeuzwi hivihivi, kama itakavyoonekana baadaye.

Sasa mteremko. Jibu lililo pungufu husema, "Mteremko ni 3.93, kwa hiyo umbali unaongezeka kasi inapoongezeka." Maneno hayo si uongo, ila hayajasema kitu, mtu yeyote aliyewahi kupanda basi alikwisha kulijua hilo. Namba 3.93 ina vipimo vyake, navyo ni futi kwa kila maili moja kwa saa. Jibu kamili ni kwamba, katika magari haya, kila kasi inapozidi kwa maili moja kwa saa, umbali wa kusimama unaokadiriwa huzidi kwa wastani wa futi 3.93, karibu futi nne.

Neno "kwa wastani" si pambo. Katika vipimo vile 50, magari manne yalikuwa yakienda maili 14 kwa saa. Moja lilisimama baada ya futi 26, la pili baada ya futi 36, la tatu 60, na la nne 80. Kasi ni ile ile, na tofauti kati ya gari la kwanza na la mwisho ni futi 54. Mstari hausemi lolote juu ya gari moja moja. Unasema katikati ya kundi la magari yenye kasi fulani pako karibu na wapi. Kwa kasi ya 14 unatoa 3.93 × 14 − 17.58, yaani karibu futi 37.5, ambazo hakuna hata gari moja kati ya hayo manne lililozipata sawasawa.

Ukubwa wa mteremko peke yake haupimi nguvu ya uhusiano, ingawa watahiniwa hupenda kuandika hivyo. Takwimu hizo hizo zikigeuzwa kuwa kilomita kwa saa na meta, mteremko unakuwa 0.745, yaani meta 0.745 kwa kila kilomita moja kwa saa, na mkato unakuwa −5.36. Namba zimepungua sana, lakini magari ni yale yale, breki ni zile zile, na R mraba inabaki 0.6511 bila kubadilika hata kidogo. Anayedai kwamba mteremko wa 0.745 ni "dhaifu" kwa kuwa haufikii moja, atalazimika kueleza ni vipi uhusiano umedhoofika kwa kubadilisha rula tu.

Mkato ndio mtego mkubwa. Kwa maana ya kihesabu, mkato ni umbali unaokadiriwa wakati kasi ni sifuri. Hapa ni −17.58. Mtahiniwa anayefuata maneno ya kanuni bila kutazama kitu kinachozungumzwa ataandika kwamba gari lisilokwenda huhitaji futi −17.58 ili lisimame. Umbali wa kusimama hauwezi kuwa chini ya sifuri, na gari lililosimama limekwisha simama. Anayesahihisha huwa anangojea sentensi moja tu hapa: kwamba mkato huu hauna maana katika hali halisi, kwa sababu hakuna gari lililopimwa likiwa na kasi ya sifuri, na namba hii ipo ili kuuweka mstari mahali pake.

Kwa nini basi kompyuta itoe namba isiyo na maana? Kwa sababu haikuulizwa juu ya kasi ya sifuri. Iliombwa itafute mstari mnyoofu ulio karibu zaidi na vituo 50 vilivyo kati ya kasi ya 4 na ya 25. Mstari wa namna hiyo sharti upite katika kituo cha wastani wa vyote viwili, nacho hapa ni kasi ya 15.4 na umbali wa futi 42.98. Ukisimama hapo na kurudi nyuma hatua 15.4, kila hatua ukishuka futi 3.93, utashuka karibu futi 60.56, na 42.98 ukitoa 60.56 ni −17.58. Mkato ni matokeo ya mteremko na wastani, basi. Msomaji anaweza kuitumia hesabu hiyo pia kuhakiki kama amenakili namba vizuri kutoka kwenye jedwali.

Lipo jambo jingine katika mstari huo wa juu linalowapotosha hata wanafunzi wazuri. Namba ya mwisho ni 0.0123, nayo ni ndogo kuliko 0.05. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba chochote kilicho chini ya 0.05 ni "cha maana" ataruka na kuandika kwamba mkato una maana. Maana ya kitakwimu ni kitu kimoja, na maana katika maisha ni kingine. Namba ile inasema kwamba, kama uhusiano wa kweli ungekuwa mstari mnyoofu unaopita sifuri, isingekuwa rahisi kupata mkato ulio mbali na sifuri kiasi hiki kwa bahati tu. Hiyo ni dalili kwamba kuna kasoro katika wazo lenyewe la mstari mnyoofu. Dalili ya pili imo ndani ya takwimu. Kwa kasi ya maili 4 kwa saa, ambayo ilipimwa kweli, mstari unakadiria 3.93 × 4 − 17.58, yaani karibu futi −1.85. Magari mawili yaliyopimwa kwa kasi hiyo yalisimama baada ya futi 2 na futi 10. Mstari umeshindwa ndani ya mipaka yake wenyewe.

Tuingie katika R mraba, ambayo hapa ni 0.6511. Ufafanuzi unaokaririwa ni kwamba asilimia 65 ya mtawanyiko wa umbali imeelezwa na kasi. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini wengi wanaouandika hawawezi kuonyesha hiyo asilimia 65 ni ya kitu gani. Njia ya kuielewa ni kufikiria watu wawili wanaobahatisha umbali wa kila gari.

Mtu wa kwanza haambiwi kasi ya gari. La busara kwake ni kutaja wastani, futi 42.98, kwa kila gari linaloletwa. Kila mara anakosea kwa kiasi fulani. Chukua kila kosa lake, lizidishe kwa lenyewe ili yaliyo juu na yaliyo chini yasifutane, kisha jumlisha yote 50. Jumla ni 32,539. Mtu wa pili anaambiwa kasi, naye anatumia mstari. Makosa yake yakifanyiwa vivyo hivyo, jumla ni 11,354. Kujua kasi kumepunguza jumla ya miraba ya makosa kwa 21,185. Gawa 21,185 kwa 32,539, utapata 0.651. Hiyo ndiyo R mraba: sehemu ya makosa ya mtu asiyejua kasi ambayo imeondolewa na mstari. Asilimia 35 iliyobaki ndiyo ile tofauti ya futi 26 na futi 80 kwa kasi moja. Kasi haiwezi kuieleza, na huenda inatokana na uzito wa gari, hali ya matairi na breki, barabara, au mguu wa dereva.

Akishaiona hivyo, mtahiniwa hatatumbukia tena katika makosa mawili yanayorudiwa kila mwaka. La kwanza ni kusema kwamba asilimia 65 ya vituo viko juu ya mstari au vinaugusa. La pili ni kusema kwamba makadirio yatakuwa sahihi mara 65 katika 100. R mraba haihesabu vituo wala haihesabu mara. Inalinganisha jumla mbili za miraba. Anayetaka kujua makadirio hukosea kwa kiasi gani atazame namba iliyo juu yake katika jedwali, 15.38. Hiyo iko katika futi, na inaonyesha ukubwa wa kawaida wa makosa ya mstari, karibu futi 15, au meta 4.7. Kwa mtu anayevuka barabara, habari ya meta 4.7 ina uzito kuliko habari ya asilimia 65, na inasikitisha kwamba mitihani mingi huiacha namba hiyo bila kuiuliza.

Mara nyingine huulizwa kipimo cha uhusiano, r. Kipeuo cha pili cha 0.6511 ni 0.807. Kipeuo cha pili hakina habari ya alama, kwa hiyo alama huchukuliwa kutoka kwenye mteremko: mteremko hapa ni chanya, basi r ni +0.807. Mteremko ungekuwa hasi, jibu lingekuwa −0.807, na mtahiniwa aliyetegemea kikokotoo peke yake angepoteza maksi.

Linabaki swali la maili 60 kwa saa. Hesabu ni nyepesi: 3.9324 × 60 − 17.5791 ni futi 218.4. Mtahiniwa akiishia hapo ameingia mtegoni. Kasi kubwa iliyopimwa ilikuwa maili 25 kwa saa, yaani karibu kilomita 40. Hata kile kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi nchini Tanzania kiko nje ya takwimu hizi. Kuuvuta mstari hadi maili 60 ni kudai kwamba umbali unaendelea kupanda futi 3.93 kwa kila maili, ilhali hakuna aliyepima.

Fizikia inakataa dai hilo. Nishati ya gari linalokwenda inategemea mraba wa kasi, na breki ndizo zinazopaswa kuimaliza nishati hiyo. Kasi ikiongezeka mara tatu, sehemu ya umbali inayotumiwa na breki huongezeka mara tisa. Sehemu ile ambayo dereva bado hajakanyaga breki huongezeka mara tatu tu, na jumla iko mahali fulani katikati. Njia nzuri ya kuona ubaya wa makadirio yale ni kuyalinganisha na mwongozo wa barabara wa Uingereza, unaoitwa Haiwei Kodi, ambao hutoa umbali wa kusimama wa futi 40 kwa maili 20 kwa saa, na futi 240 kwa maili 60 kwa saa. Mstari wetu kwa maili 20 unatoa futi 61. Yaani magari yale ya miaka ya 1920 yalihitaji nusu ya ziada kuliko mwongozo unavyotaja, jambo linaloaminika kabisa kwa breki za wakati ule. Lakini kwa maili 60 mstari unayapa futi 218, pungufu ya 240 za mwongozo. Gari kuukuu lililoshindwa katika mwendo wa polepole limegeuka bingwa katika mwendo wa kasi! Jibu linalostahili maksi zote ni kutoa hesabu, kisha kueleza kwamba makadirio hayo hayategemeki kwa kuwa yako mbali nje ya kasi zilizopimwa, na kwamba kuna sababu ya kuamini kuwa ni madogo mno.

Mtahini mwenye jicho kali huongeza sehemu moja ya mwisho. Alama za matairi barabarani zinaonyesha kwamba gari lilikwenda futi 80 kabla ya kusimama. Je, lilikuwa na kasi gani? Ni swali linaloweza kumfikisha dereva mahakamani, na kishawishi cha kuugeuza mlinganyo ni kikubwa: jumlisha 80 na 17.58, gawa kwa 3.93, upate maili 24.8 kwa saa. Lakini mstari ule ulitafutwa kwa kupunguza makosa ya umbali, si makosa ya kasi. Anayetaka kukadiria kasi sharti aiambie kompyuta ianze upya, kasi ikiwa ndiyo inayokadiriwa. Kompyuta hutoa mlinganyo mwingine:

kasi = 8.28 + 0.166 × umbali

Kwa futi 80 mlinganyo huu unatoa maili 21.5 kwa saa, pungufu ya zaidi ya maili tatu. R mraba ni ile ile 0.6511 katika milinganyo yote miwili, kwa hiyo haiwezi kumwonya mtu kwamba ametumia mstari usiofaa. Mistari hiyo miwili ingelingana tu kama vituo vyote vingekaa juu ya mstari mmoja, na R mraba ikawa 1. Kadiri R mraba inavyopungua ndivyo inavyozidi kuachana, na kila mmoja huyavuta makadirio yake kuelekea kwenye wastani. Mvuto huo ndio ambao Francis Galton aliuona mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao waliokwisha kukua, akaupa jina lililobaki katika somo hili hadi leo.

Na hata mstari uliotumiwa vizuri hauondoi mashaka yote. Katika magari 50 ya Ezekiel, manne yalisimama kati ya futi 76 na futi 85. Mawili kati yao yalikuwa na kasi ya maili 18 kwa saa, moja 25. Na lile lililokwenda futi 80 kamili lilikuwa likitembea kwa maili 14 tu.